Hitima ya Madaftari

Nilianza kujiandaa na mtihani wa mwisho wa mwaka kwa namna ambayo pengine mwanamke yeyote aliyelelewa nyumba kama zetu angeanza: niligawa madaftari yangu juzuu thelathini.

Nieleze. Kwetu, mwezi wa Ramadhani, kila mtu mzima husoma juzuu moja ya msahafu kwa siku, na mwezi ukiisha naye amemaliza. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana, na sijawahi kushindwa. Kwa hiyo mkufunzi wetu alipotangaza kwamba mtihani utahusu mwaka mzima, na kwamba swali la kwanza laweza kutoka wiki ya kwanza ya masomo, mimi sikutishika. Mwezi mmoja ulikuwa umebaki. Nilirundika madaftari yote kitandani, nikahesabu kurasa, nikagawa kwa thelathini, na kila mwanzo wa fungu nikachomeka kipande cha utepe kutoka dukani kwa mume wangu, ambaye anauza vitambaa mtaa wa Mtendeni. Utepe ulikuwa wa kijani. Madaftari yalipendeza mpaka nikamwita mume wangu aje ayatazame, akasema yamependeza, akarudi kwenye taarifa yake ya habari.

Nilikuwa na umri ambao wanafunzi wenzangu waliustahi kwa kunipisha kwenye foleni ya chai. Kozi yenyewe ilikuwa ya utoaji dawa, ya mwaka mmoja, katika chuo kidogo hapa Tabora. Nilitaka duka la dawa. Bila cheti huruhusiwi kusimama nyuma ya kaunta ya dawa, hata kama mtaa mzima unakuamini. Na duka lilikuwa na mahali tayari: chumba cha mbele cha nyumba ya familia tunamoishi, hapa Isevya, kinachotazama barabara. Tatizo ni kwamba nyumba hiyo, baada ya baba mkwe kufariki, iliachwa chini ya usimamizi wa shemeji yangu mkubwa, mtu mwema asiyependa kusubiri. Aliniambia mbele ya watu, huku anacheka:

"Shemeji, ukifaulu chumba chako. Ukifeli nampa kinyozi. Kinyozi hana mtihani."

Nikacheka na mimi. Lakini kuanzia siku hiyo kila nilipopita mbele ya chumba kile nilikuwa naona kiti cha kinyozi, kioo, na picha za vichwa vilivyonyolewa zimebandikwa ukutani pale ambapo mimi, kwa mawazo, nilikuwa nimeshaweka rafu zangu. Nilikichukia kile kiti ambacho hakikuwepo.

Basi nikaanza kusoma. Siku ya kwanza, fungu la kwanza. Noti zangu za mwanzo wa mwaka zilikuwa nzuri kama kadi za harusi: kichwa cha habari kwa wino mwekundu, maelezo kwa buluu, mistari imepigwa kwa rula. Nilikuwa bado na adabu ya mgeni wakati huo. Nilizisoma huku natikisa kichwa, ndiyo, hili nalijua, hili nalikumbuka, na nikafika kwenye utepe wa pili kabla ya adhana ya alasiri. Nikajiona hodari.

Ilikwenda hivyo kwa wiki nzima na zaidi kidogo. Aliyeniharibia furaha ni binti mmoja wa Nzega niliyekuwa nakaa naye dawati moja, msichana mwenye kicheko kikubwa na kichwa chepesi, aliyekuwa akiniita dada lakini akinitania kama shangazi. Tulikutana kwenye kibanda cha chai nje ya chuo, nikamweleza mpango wangu wa mafungu thelathini. Akafurahi, akaniambia, "Haya dada, basi nikuulize la juzi juzi tu, la fungu lako la kwanza. Dawa ukishaimeza inapitia hatua gani mwilini?"

Nilifungua mdomo. Niliuona ukurasa kabisa, naapa. Niliona wino mwekundu upo juu kushoto, niliona hata doa la chai pembeni. Maneno yenyewe hayakuwepo.

"Inaingia," nikasema. "Halafu inasambaa."

"Halafu?"

"Halafu nakunywa chai yangu," nikamjibu, na yeye akacheka mpaka muuza chai akageuka. Sikucheka. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo haikuwa na wa kumtupia.

Mama mkwe wangu alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka anachambua karanga. Huyu ndiye aliyekuwa akimlea mtoto wangu wa mwisho mwaka mzima nilipokuwa masomoni, na hakuwahi kulalamika, ila mara moja moja angesema mtoto amechukua sura ya bibi yake kwa sababu ndiye anayemuona. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunja?"

Nikamweleza. Nikamletea na madaftari, aone utepe, labda atanihurumia. Aliyashika, akayageuza, akauliza utepe ni wa nini. Nikamwambia nafanya hitima ya mwaka mzima, juzuu moja kwa siku.

Aliweka karanga chini.

"Mwanangu, hitima husomewa maiti. Nani kafa?"

Nikamwambia siyo hitima ya maiti, ni ile ya kumaliza, kama Ramadhani. Akasema anajua nilichokusudia, ila na ile ya Ramadhani pia siyo. Ile, alisema, unasoma msahafu umefunguliwa mbele yako. Unasomea thawabu, na Mungu akulipe. "Lakini hakuna mtu aliyehifadhi kwa kusoma kilichofunguliwa. Kuhifadhi ni kikiwa kimefungwa, na mtu amekaa mbele yako anakusikiliza. Huko chuoni kwenu nani anakusikiliza?"

Neno chuo kwake lina maana ya zamani. Chuo ni pale alipokaa na ubao wake akiwa mtoto, mwalimu akiwaita mmoja mmoja kuja kusikilizwa masomo. Nikamjibu kwamba chuoni kwetu hakuna anayemsikiliza mtu, kila mmoja anajisomea. Alinitazama kama niliyemwambia kwamba huko tunakula bila kunawa.

"Basi lete hilo la kwanza, na ulifunge," akasema. "Nitakusikiliza mimi."

Nilimwambia kwa heshima kwamba yameandikwa kwa Kiingereza. Akasema hana haja ya Kiingereza, yeye atasikiliza kusita.

Hivyo ndivyo mpango wangu ulivyobomolewa. Kesho yake, baada ya alasiri, alinitaka nimtajie vichwa vya habari tu, kimoja kimoja, vya mwaka mzima, na kwa kila kimoja nimweleze kwa Kiswahili ninachokijua bila kutazama. Alikuwa na mafungu matatu ya mada: zinazokwenda, zinazosita, na zilizolala. Sikumaliza siku hiyo, ilituchukua alasiri mbili na sehemu ya tatu, na nilipomaliza nilikuwa nimejifunza kitu ambacho mafungu yangu thelathini yasingenifundisha hata yangekuwa mia. Mada nilizokuwa nimezipangia siku sawa hazikuwa sawa hata kidogo. Hesabu za dozi ya mtoto kwa uzito wake, tulizosoma mwezi wa pili, zilikwenda bila kusita, kwa sababu tulizitumia kila wiki kwenye mazoezi mpaka mwisho wa mwaka. Utunzaji wa dawa rafuni, kwamba inayokaribia kuisha muda ndiyo itoke kwanza, nao ulikwenda, maana ndivyo ninavyopanga hata unga jikoni. Lakini zile mada nzuri za wino mwekundu, safari ya dawa mwilini, na makundi ya dawa, na namna dawa mbili zinavyogombana zikikutana tumboni mwa mtu mmoja, zilikuwa zimelala usingizi wa pono. Za mwisho wa mwaka, ambazo nilikuwa nimeziandika ovyo ovyo kwa penseli, zilikuwa hai. Uzuri wa noti ulikuwa umenidanganya. Nilikuwa naitambua sura ya ukurasa, nikadhani naujua.

Nilichomoa tepe zote. Iliniuma kidogo, sitaficha.

Tukapanga upya. Mada iliyolala nitaisoma asubuhi, na alasiri nitamsomea Mama daftari likiwa limefungwa. Kesho yake nitairudia tena kabla ya kuanza nyingine. Ikienda, nitaiacha ipumzike siku kadhaa, kisha niichokoze nione kama bado iko macho, na ikisita inarudi kwenye zile za kila siku. Zinazokwenda zingeguswa mara moja tu kwa wiki. Wiki ya mwisho tuliiacha wazi kwa ajili ya mitihani ya miaka iliyopita, na hilo lilikuwa wazo la yule binti wa Nzega, aliyesema kwa busara kwamba mama mkwe wangu hatakuwepo kwenye chumba cha mtihani na msahihishaji hajui Kiswahili changu cha uani. Kila Jumamosi asubuhi yeye na mimi tulikaa kwenye darasa tupu, tunaandika majibu kwa Kiingereza bila kuongea, kisha tunabadilishana karatasi.

Na ni Jumamosi moja kama hiyo ndipo lilipoonekana tundu kwenye mpango wa Mama. Nilikuwa nimemsomea safari ya dawa siku mbili mfululizo, inakwenda kama maji, naye akaipitisha. Binti akasoma karatasi yangu, akakuna kichwa. "Dada, figo zako na ini lako vimehamiana."

Nilikuwa nimeandika kwamba figo ndizo zinazoibadilisha dawa na ini ndilo linaloitoa. Ni kinyume: ini ndilo kiwanda kikubwa cha kuibadilisha, na figo ndizo mlango mkubwa wa kuitolea. Nilikuwa nimelikariri kosa kwa ufasaha, na Mama, ambaye anasikia kusita tu, hakuwa na njia ya kulisikia. Nikampelekea habari hiyo alasiri, nikitarajia atajitetea. Hakujitetea. Aliuliza kwa nini basi baada ya kunisikiliza sifungui daftari nikajisahihisha, maana mwalimu wake yeye alikuwa ameshika msahafu. Kuanzia hapo tukimaliza nafungua, natia alama penye kosa kwa kalamu, na kesho naanzia palepale penye alama.

Ila lile la ini lilimkera. Akataka nimweleze vizuri: dawa inaingia tumboni, sawa, halafu inakwenda wapi? Nikamwambia damu ya kutoka tumboni hupita kwanza kwenye ini, kabla ya kufika sehemu nyingine za mwili, na ini hupunguza sehemu ya dawa hapo hapo. Dawa nyingine hupunguzwa sana hadi kinachofika mwilini ni kidogo mno.

Mama akaacha karanga. "Hongo," akasema.

"Hongo gani tena, Mama?"

"Siyo rushwa. Hongo. Zamani msafara ukitoka pwani kuja hapa Tabora, kila penye mtemi unasimama, unatoa nguo, unatoa shanga, ndipo upite. Babu zangu walisema mizigo iliyofika ilikuwa imepungua njiani. Basi ini ni mtemi. Dawa inatoa hongo ndiyo ipite."

Mwaka mzima nilikuwa nimekariri sentensi ya Kiingereza kuhusu jambo hilo, na kila mara ilikuwa inaponyoka. Nikamuuliza, msafara usiotaka kutoa hongo ulifanyaje? Akasema ulizunguka kwa njia nyingine, ukiweza.

"Ndiyo maana dawa nyingine huwekwa chini ya ulimi," nikasema, taratibu, kwa sababu nilikuwa nalielewa huku nalisema. "Inaingia kwenye damu kutoka mdomoni, haipiti kwa mtemi."

"Sasa hilo hukusita," akasema, akarudi kwenye karanga zake.

Ni katika alasiri hizo nilimuuliza yeye alihifadhi kiasi gani. Alisema zile sura fupi za mwisho zote, na kutoka mwanzo wa msahafu juzuu nne, mpaka mwaka alioolewa. Nikamwambia anisomee basi na mimi nimsikilize. Akasema karanga zinakaukia, akaninyang'anya ungo. Nikaliacha.

Siku ya mtihani nilivaa kanga ya Mama ndani ya baibui, kwa sababu aliniambia nivae na mimi sikuwa na hali ya kubishana na mtu. Jua la mwisho wa kiangazi lilikuwa kali, na karatasi zilinata kwenye mikono. Karatasi ya kwanza ilikuwa na swali la hesabu za dozi, nikalifanya. La utunzaji, nikalifanya. Nikafika ukurasa wa tatu. Swali liliuliza, kwa Kiingereza chao kikavu, kwa nini dawa fulani ya maumivu ya kifua ya mgonjwa wa moyo huwekwa chini ya ulimi badala ya kumezwa.

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliandika sentensi nzima na nusu, na katikati ya Kiingereza changu, kwa mwandiko safi, nikaweka neno hongo. Nililiona baada ya kumaliza mstari. Nililikata kwa mistari miwili, na neno la vitabuni, ambalo mwaka mzima lilikuwa linanikimbia, likaja lenyewe. Sijui msahihishaji aliwaza nini alipoliona lile neno chini ya mistari. Labda alidhani najaribu kumhonga.

Matokeo yalipotoka yule binti ndiye aliyenipigia simu kutoka Nzega, akapiga kelele kabla ya salamu, na hapo nikajua. Wote wawili tulikuwa tumefaulu. Nilimwambia shemeji wakati wa chakula cha jioni. Alinipa mkono, akanipa ufunguo, akasema kinyozi atalia. Ni mtu wa neno lake, na nampenda kwa hilo.

Kesho yake alasiri nilikuwa nafagia chumba cha mbele. Kilikuwa kitupu, na vumbi la miaka, na mimi nikikitazama sikuona tena kile kiti. Mama mkwe akaingia na mkeka kwapani. Mikono na uso vilikuwa bado na maji ya udhu, na mkononi alishika msahafu wake wenye jalada la kitambaa. Akatandika mkeka katikati ya chumba, akakaa, akaniambia nami nikatawadhe.

Nilipokuja akanikabidhi msahafu.

"Fungua mwanzo," akasema. "Zamu yangu."

Nikamuuliza kwa nini mwanzo, kwa nini tusianze na zile fupi. Akasema fupi amewasomesha watoto wa mtaa huu miaka yote, hizo hazina haja ya mtu wa kuzisikiliza. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba tangu mwaka alioolewa hakuna mtu aliyewahi kukaa mbele yake akamsikiliza. Mara nyingi alijisomea, msahafu umefunguliwa. Kuufunga aliogopa.

Akafumba macho, akaanza. Sauti yake ya kusoma sikuwa nimewahi kuisikia, ni nyembamba kuliko ya kuongea, sauti ya msichana. Nilifuata kwa kidole. Ukurasa wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda. Katikati ya wa tatu akanyamaza, akarudi mwanzo wa aya, akafika palepale, akanyamaza tena. Nje watoto walikuwa wanacheza na tairi. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Niliona machozi yanatoka chini ya kope zilizofumbwa, na nilitaka sana kumsaidia neno, lakini yeye hakuwahi kunisaidia neno hata mara moja.

"Umesita, Mama," nikasema.

"Sijasita," akajibu. "Imelala."

Nilimsomea aya ile mara moja, taratibu, naye akairudia. Kisha nikaingia chumbani kwangu, nikatafuta kipande kimoja cha ule utepe wa kijani niliouchomoa kwenye madaftari, nikaja nikakiweka hapo alipoishia.

"Kesho tunaanzia hapa," nikamwambia.

"Baada ya alasiri," akasema, akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Na ufagie vizuri hiki chumba, kitakuwa cha dawa."